Kitufe kimoja cha kunyamaza, hata mkutano ukiwa nyuma ya madirisha

Kazi yangu ni ukalimani. Nakaa Kisaasi, hapa Kampala, na siku nyingi ofisi yangu ni meza ya chumba cha kulala, laptopu, kibodi ya nje na dirisha linalotazama njia ya vumbi. Kikatiba Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu mabadiliko ya 2005, ingawa ukinunua nyanya hapa mtaani kwa Kiswahili utajibiwa kwa Kiganda, tena huenda ukaulizwa kama wewe ni askari. Wateja wangu basi hawako mtaani. Wako Busia, Malaba, Mutukula, watu wa mipakani wanaofanya biashara na Wakenya na Watanzania, nami nawafikia kwa mikutano ya video.

Mkalimani wa mtandaoni ana tabia moja inayomtofautisha na washiriki wengine: hautazami mkutano. Sura za watu hazinisaidii kitu. Ninachohitaji mbele ya macho ni orodha yangu ya istilahi, jedwali la Excel lenye safu mbili, na pembeni hati ambayo mzungumzaji anaisoma. Dirisha la mkutano limelala nyuma ya vyote hivyo. Nausikia tu.

Siku moja tulikuwa na kikao cha wafanyabiashara wadogo juu ya kodi za mpakani, kupitia Google Meet. Mtu alikuwa akieleza jambo refu, na zamu yangu ilikuwa bado, lakini maiki yangu ilikuwa wazi. Hapo dirishani akatokea mama anayepitisha parachichi, beseni kichwani.

“Nnyabo, leo yameiva vizuri. Moja elfu mbili.”

Nikabonyeza `Ctrl+D`, ambayo ndiyo njia ya mkato ya kuzima maiki kwenye Meet, kisha nikamjibu kwa uhuru kabisa: “Elfu mbili? Mama, jana ulinipa kwa elfu moja, leo unataka kunichuna ngozi?”

Kikao kizima kilinisikia. Mwenyekiti aliyekuwa Malaba akasema kwa upole, “Mkalimani, nadhani tunakusikia.” Watu wakacheka. Aibu hiyo ilipita. Lililonitoa jasho lilikuja dakika kumi baadaye, mzungumzaji alipofika kwenye kodi ya ongezeko la thamani. Nikatupa jicho kwenye jedwali, nikasoma nilichokiona, na nikatangaza kwa sauti ya mtu mwenye uhakika: “ushuru wa forodha”. Mfanyabiashara mmoja wa Busia akauliza, “Sasa huo ushuru tunaulipa mara mbili?”

Nilirudi kwenye jedwali baada ya kikao, nikaona kilichotokea. Mstari wa “ushuru wa forodha” ulikuwepo, na mstari uliofuata, uliokuwa na “kodi ya ongezeko la thamani”, nao sasa ulisema “ushuru wa forodha”. Kwenye Excel, `Ctrl+D` maana yake ni kunakili kisanduku cha juu na kukishusha katika kisanduku ulichosimama. Mshale wangu ulikuwa kwenye kodi ya ongezeko la thamani. Nilipodhani nafunga mdomo, kumbe nilikuwa nafuta neno ambalo dakika kumi baadaye ningelihitaji. Tena bila onyo lolote, maana kwa Excel hilo si kosa, ni amri halali.

Hapo ndipo nilipoelewa shida yenyewe, na haikuwa kasoro ya programu yoyote. Unapobonyeza kitufe, kompyuta hukipeleka kwa dirisha lililo mbele, yaani lile ulilolibofya mara ya mwisho. Dirisha la mkutano likiwa nyuma, linaendelea kupokea sauti yako na kuisambaza, lakini vitufe halivipati. Kwa hiyo `Ctrl+D` ileile inazima maiki ukiwa ndani ya Meet, inashusha kisanduku ukiwa Excel, inafungua kisanduku cha fonti ukiwa Word, na ukiwa kwenye kichupo kingine cha Chrome inahifadhi ukurasa kwenye alamisho. Nilifungua alamisho zangu siku ileile. Nilikuta kurasa za ovyo ambazo sikumbuki kuzipenda kiasi hicho, na kila moja, naamini, ni mara niliyodhani nimenyamaza.

Nilimpelekea tatizo fundi wangu wa kompyuta, kijana wa Wandegeya ambaye huniita Mwalimu ingawa sijawahi kumfundisha kitu.

“Mwalimu, wewe unataka kitufe ambacho hakiulizi uko dirisha gani,” akasema.

“Ndicho hicho.”

“Basi usimpe kazi hiyo Meet. Mpe Windows.”

Nitaieleza hiyo njia ya Windows kwa kirefu, lakini kwanza niwatoe njiani wale ambao mikutano yao yote iko Zoom, maana ninyi kazi yenu ni ya dakika moja. Fungua `Settings` ya Zoom, ingia `Keyboard Shortcuts`, tafuta mstari wa kuzima na kuwasha sauti yako, ambao kwenye Windows ni `Alt+A`, kisha weka alama kwenye kisanduku cha `Enable Global Shortcut`. Kuanzia hapo Zoom inaisikiliza `Alt+A` hata ukiwa umezama kwenye Excel. Bila ile alama, `Alt+A` hufanya kazi dirisha la Zoom likiwa mbele tu, na ndiyo maana watu wengi huijaribu mara moja, wakaona haifanyi kitu, wakaiacha. Ukitaka vitufe vingine, bofya pale palipoandikwa mchanganyiko huo, ubonyeze unaoutaka.

Mimi sina anasa hiyo. Jumatatu mteja yuko Zoom, Jumatano yuko Meet, Ijumaa ni Teams, na Meet, ikiwa ni kichupo tu cha kivinjari, haina mahali pa kuweka alama kama ile. Windows 11 nayo ina `Win+Alt+K`, ambayo ni nzuri kwa sababu inabadilisha kitufe cha ndani ya mkutano wenyewe, lakini hufanya kazi kwa programu zilizotengenezwa kuitikia tu. Teams huitikia. Mkalimani hawezi kukumbuka leo ni kitufe gani, vidole vikishazoea vinakwenda vyenyewe.

Dawa ni kuacha kugusa mkutano na kuigusa maikrofoni. Kila maikrofoni ndani ya Windows ina swichi yake ya kunyamaza, ileile unayoiona ukiingia kwenye mipangilio ya sauti. Ikizimwa pale, sauti hukatika kabla haijaifikia programu yoyote. Zoom, Meet, Teams, zote zinapokea ukimya. Kinachobaki ni kuifunga swichi hiyo kwenye kitufe kimoja ambacho Windows itakitambua popote ulipo, na kazi hiyo naifanyia AutoHotkey, programu ya bure, toleo la 2. Toleo lina maana: maandishi ya toleo la 1 hayaendi kwenye la 2, na kwenye mtandao yamechanganyika.

Kitufe nilichokichagua ni `Pause`, kile kilichojificha juu kulia kwenye kibodi kubwa. Nilichagua hicho kwa sababu moja tu: sikumbuki kukihitaji hata siku moja. AutoHotkey ikishakichukua kitufe, programu nyingine haikipati tena, kwa hiyo usichukue kitu unachokitumia. Fundi alitaka kunipa `Ctrl+Alt+M`, nikamkatalia, maana kwenye Word hiyo huongeza maoni pembeni mwa hati, na mimi hati za watu nazijaza maoni kila siku. Tena mtu aliyeshtuliwa na jogoo anahitaji kitufe kimoja, si vitatu kwa mpigo.

Hii hapa skripti yenyewe, kama ilivyo kwenye kompyuta yangu:

```
#Requires AutoHotkey v2.0
#SingleInstance Force

mic := "Microphone (USB Audio Device)"

Pause::
{
    if SoundGetMute( , mic)
    {
        SoundBeep 900, 120
        SoundSetMute 0, , mic
    }
    else
    {
        SoundSetMute 1, , mic
        SoundBeep 400, 120
    }
}
```

Iandike kwenye Notepad na uihifadhi kwa jina `maiki.ahk`. Pale chini kwenye aina ya faili chagua faili zote, la sivyo Notepad itakubandikia `.txt` mwishoni na utabaki ukibofya maandishi yasiyofanya kitu. Ukibofya faili mara mbili, alama ya kijani yenye herufi H inatokea karibu na saa. Ukitaka ianze yenyewe kila unapowasha kompyuta, bonyeza `Win+R`, andika `shell:startup`, na kwenye folda itakayofunguka weka njia ya mkato ya faili hiyo.

Maana ya maandishi ni nyepesi. Ukibonyeza `Pause`, skripti inauliza kwanza kama maiki imezimwa. Kama imezimwa inalia kwa sauti nyembamba, kisha inaifungua. Kama iko wazi inaifunga, kisha inalia kwa sauti nzito. Ile namba ya 900 au 400 ni unyembamba wa mlio, na 120 ni urefu wake kwa milisekunde. Nyembamba, nasikika. Nzito, nimefungwa. Milio hii ndiyo roho ya mpango mzima, kwa sababu mtu asiyeliona dirisha la mkutano hana njia nyingine ya kujua yuko hali gani. Angalia pia mpangilio: mlio hutoka wakati maiki imefungwa, kote kuwili. Skripti yangu ya kwanza ilifungua maiki ndipo ikalia, na siku niliyosahau hedifoni nikatumia spika za laptopu, kikao kizima kilikuwa kikisikia “tii!” kila nilipotaka kusema. Mzee mmoja wa Mutukula akauliza nani anapikia jiko la umeme.

Sasa mstari wa `mic`, ambao ndio unaowaangusha watu. Jina lile ni la maiki yangu, si la yako. Nenda `Settings`, kisha `System`, kisha `Sound`, na chini ya `Input` utaona majina ya maikrofoni zote ambazo Windows inazijua. Andika jina kamili, mabano na yote. Ni kweli kwamba AutoHotkey inakubali mwanzo wa jina tu, kwa mfano `"Microphone"` peke yake, na ukiwa na maiki moja itakwenda sawa. Lakini laptopu yenye maiki ya ndani, ukiichomeka hedifoni ya USB, inakuwa na mbili, na zote huenda zikaanza kwa neno hilohilo. Skripti inaichukua ya kwanza inayolingana. Jina likiwa halipo kabisa, AutoHotkey inatoa kisanduku cha kosa, na hilo ni jambo jema, unajua mara moja. Baya ni jina linalolingana na maiki isiyo yako.

Mimi lilinipata na hedifoni isiyo na waya. Umeme ulikatika, kibodi na hedifoni ya USB nilikuwa nimeziacha kwa dada yangu Bweyogerere, basi nikaunganisha hedifoni ya Bluetooth na kuazima kibodi ya jirani. Wakati huo skripti yangu bado ilikuwa na neno `"Microphone"` tu. Ile ya Bluetooth Windows iliiita kwa jina linaloanza na `Headset`. Nikabonyeza `Pause`, mlio mzito ukalia vizuri sikioni, na skripti ikazima kwa utiifu kamili maiki ya ndani ya laptopu, ambayo hakuna aliyekuwa akiitumia. Mkutano ulikuwa unachukua sauti kutoka kwenye hedifoni. Namshukuru Mungu siku hiyo sikuwa na la kusema ila kumwambia mtoto akavae viatu.

Kwa hiyo mlio unathibitisha kwamba swichi fulani imegeuka. Hauthibitishi kwamba ni ile ya maiki ambayo mkutano unaitumia. Hilo linathibitishwa kwa jaribio, nami nalifanya kabla ya kila kazi ya malipo, halichukui hata dakika mbili. Naingia kwenye mkutano mapema, natazama kwenye mipangilio ya sauti ya mkutano wenyewe ni maiki gani imechaguliwa, na nahakikisha jina ni lilelile lililo kwenye skripti. Kisha naingia mkutano huohuo kwa simu, simu ikiwa na spika za masikioni na maiki yake imezimwa ili sauti isizunguke na kupiga kelele. Laptopu naiwekea Excel mbele. Nahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nabonyeza, nne, tano, sita, nabonyeza, saba. Simuni nikisikia moja mbili tatu saba, niko sawa. Kifurushi cha data kinachoondoka hapo ni kidogo kuliko aibu.

Kuna jambo la pili la kuzoea, na hili lilinichanganya wiki nzima. Ukishaweka kitufe hiki una milango miwili iliyofuatana, ule wa Windows na ule wa mkutano, na ili usikike lazima yote miwili iwe wazi. Ukizima kwa `Pause`, ile picha ya maiki kwenye mkutano inaweza kuendelea kuonyesha kwamba uko wazi. Wenzako wanaona unaonekana kuongea na hawasikii. Programu nyingine hutambua na kutoa onyo kwamba maiki imezimwa kwenye mfumo, nyingine zinakaa kimya. Hedifoni yenye kitufe kwenye waya wake inaongeza mlango wa tatu, nami changu nimekizungushia selotepu.

Utaratibu wangu ni kwamba mlango wa mkutano naufungua mwanzoni na siugusi tena. Kila kitu ni `Pause`. Tatizo linakuja mwenyekiti anapochoka na kelele za watu na kunyamazisha kikao kizima. Amefunga mlango wa mkutano, na `Pause` haina ufunguo wake. Nitabonyeza, nitasikia mlio mwembamba unaoniambia niko wazi, na nitakalimani kwa ufasaha hewani. Hapo ukiitwa mara ya pili na hujasikika usianze kubonyezabonyeza `Pause`, utapoteza hesabu. Nenda moja kwa moja kwenye dirisha la mkutano. Picha ya maiki ikiwa na mkato, shida iko pale, ifungue kwa mkono. Ikiwa haina mkato, shida iko Windows, bonyeza `Pause` mara moja usikie mlio gani umetoka. Siku hizi nawaomba wenyeviti wasiniguse mimi, na wengi hukumbuka mpaka kikao kinapochangamka.

Na kikao kikiisha, fungua maiki kabla hujaondoka. Ile swichi ya Windows haijui kwamba mkutano umekwisha. Ukiiacha imefungwa, jioni utampigia mtu kwa WhatsApp ya kompyuta na atakukatia simu akidhani mtandao ni mbaya. Nimekatiwa na mama yangu mzazi mara mbili.

Kikomo kimoja kilichobaki: AutoHotkey iliyoanzishwa kwa kawaida haipokei vitufe wakati dirisha lililo mbele limefunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Ukiwa unasakinisha programu katikati ya kikao, `Pause` itakaa kimya, hutasikia mlio wowote, na ukosefu wa mlio ndio dalili. Bofya dirisha lingine lolote la kawaida, kisha bonyeza tena. Kwa kazi yangu hilo limetokea mara moja, na nilistahili, kwa sababu mkalimani anasakinisha nini katikati ya kikao?

Binamu yangu wa Mbarara anatumia Ubuntu na aliniambia nisiwasahau. Kwenu hakuna haja ya AutoHotkey. Kwenye toleo la karibuni, ingia `Settings`, kisha `Keyboard`, fungua orodha ya njia za mkato, tengeneza mpya chini ya `Custom Shortcuts`, uipe kitufe unachotaka na amri hii:

```
wpctl set-mute @DEFAULT_AUDIO_SOURCE@ toggle
```

Hii hugeuza swichi ya maiki ya msingi, yoyote iliyochaguliwa kwenye mfumo wakati huo, kwa hiyo hata ukibadili hedifoni huna jina la kuhariri, ila uhakikishe mkutano nao umechagua maiki ya msingi na si nyingine. Kujua hali ilivyo, andika `wpctl get-volume @DEFAULT_AUDIO_SOURCE@` kwenye terminali. Ikiwa imezimwa utaona `[MUTED]` mwishoni.

Nikisafiri na laptopu peke yake sina `Pause`, kibodi yake ndogo haina kitufe hicho. Nina nakala ya pili ya skripti ambapo nimeandika `F10::` badala yake, na jina la maiki ya ndani badala ya ile ya USB. Naizima ile ya kwanza kwa kubofya alama ya H kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua `Exit`, ndipo nawasha hii.

Jumatano iliyopita mama wa parachichi alipita tena, katikati ya hoja ya mtu wa Malaba. `Pause`, mlio mzito. Jedwali likabaki kama lilivyokuwa, nililitazama kwanza. Tulianzia elfu mbili, tukakaa kwenye mawili kwa elfu tatu, akanichagulia moja la kula leo na moja la Ijumaa. `Pause`, mlio mwembamba, na zamu yangu ilikuwa imefika.